Grafu ya Mteremko: Mabadiliko ya Mikoa Saba Katika Mchoro Mmoja

Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwezi wa Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Miaka kumi kabla yake, Agosti 2012, walihesabiwa watu 44,928,923. Kwa nchi nzima habari hii ni nyepesi kueleweka: kuna tarakimu mbili, na tofauti yake ni karibu milioni 17. Ugumu huanza pale inapotakiwa kujua jinsi mikoa mbalimbali ilivyochangia ongezeko hilo. Ni mikoa ipi iliyokwenda kasi, ni ipi iliyobaki nyuma, na ni ipi iliyopishana njiani? Jedwali lina majibu yote, lakini huyaficha ndani ya tarakimu, na msomaji hulazimika kutoa na kulinganisha kichwani, mstari baada ya mstari.

Upo mchoro mmoja uliobuniwa kwa ajili ya swali la namna hii. Huitwa grafu ya mteremko. Mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Edward Tufte, aliuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983, akilinganisha mapato ya serikali za nchi kumi na tano kwa miaka miwili, 1970 na 1979. Mchoro wenyewe hauhitaji chombo chochote zaidi ya karatasi, rula na penseli. Unachohitaji ni uangalifu, kwa sababu mteremko mmoja unaweza kusomwa kwa namna mbili, na moja kati ya hizo hupotosha.

Kanuni yake

Grafu ya mteremko ina nguzo mbili zilizosimama wima. Nguzo ya kushoto ni wakati wa kwanza, na ya kulia ni wakati wa pili. Kila kundi, hapa kila mkoa, hupewa nukta moja kwenye kila nguzo kulingana na kiasi chake, kisha nukta hizo mbili huunganishwa kwa mstari mnyofu. Mikoa saba hutoa mistari saba.

Katika hesabu, mteremko wa mstari hupatikana kwa kugawa tofauti ya wima kwa tofauti ya mlalo, na neno hilo hutumika kwa mstari unaopanda na kwa unaoshuka pia. Katika mchoro huu tofauti ya mlalo ni moja kwa mistari yote, yaani umbali kati ya nguzo mbili. Kwa hiyo kinachotofautisha mstari mmoja na mwingine ni tofauti ya wima peke yake, nayo ndiyo badiliko linalotafutwa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mchoro: kazi ya kutoa, ambayo jedwali humwachia msomaji, imekwisha kufanywa na mstari.

Grafu ya mihimili haifanyi hivyo. Kwa mikoa saba na miaka miwili itakuwa na mihimili kumi na minne. Jicho litapima urefu wa kila mhimili, likumbuke tofauti ya jozi ya kwanza, kisha lihamie jozi ya pili. Linalolinganishwa vyema hapo ni ukubwa, si badiliko.

Takwimu za mfano

Mikoa saba iliyochaguliwa ni ile ambayo mipaka yake haikugawanywa kuunda mikoa mipya kati ya sensa hizo mbili. Idadi zimekaribishwa hadi sehemu mia za milioni.

| Mkoa | 2012 (milioni) | 2022 (milioni) |
|---|---|---|
| Tabora | 2.29 | 3.39 |
| Morogoro | 2.22 | 3.20 |
| Kigoma | 2.13 | 2.47 |
| Dodoma | 2.08 | 3.09 |
| Tanga | 2.05 | 2.62 |
| Kilimanjaro | 1.64 | 1.86 |
| Pwani | 1.10 | 2.02 |

Jinsi ya kuchora

Ichukuliwe karatasi ya grafu yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa karibu sentimita 30, isimame wima. Nguzo mbili zichorwe zikiwa umbali wa sentimita 8. Hivyo hubaki sentimita 6.5 kila upande kwa ajili ya majina na tarakimu. Mwanafunzi asiibane nafasi hiyo, kwa kuwa majina huandikwa kando ya nukta zenyewe na wala hayawekwi katika kisanduku cha maelezo chini ya mchoro.

Hatua ya pili ni skeli. Idadi ndogo kabisa ni 1.10 na kubwa kabisa ni 3.39. Chini ya nguzo na iandikwe milioni 1.0, na kila sentimita moja iwe watu laki moja. Kilele cha mchoro kitafika karibu sentimita 24, na karatasi inatosha. Nguzo zote mbili lazima ziwe na skeli moja na zianze mahali pamoja. Nguzo ya kulia ikipewa skeli yake yenyewe, mistari yote hupoteza maana.

Huenda mwanafunzi akauliza kama ni halali kuanzia milioni 1 badala ya sifuri. Katika grafu ya mihimili si halali, maana urefu wa mhimili ndio unaosema kiasi, na kuukata chini ni kusema uongo. Hapa kiasi husomwa kwa mahali pa nukta, na badiliko kwa tofauti ya nukta mbili. Tofauti hiyo haibadiliki hata skeli ikianzia wapi. Jambo moja tu halitaruhusiwa: kusema kwamba nukta iliyo juu mara mbili ni mkoa wenye watu mara mbili.

Hatua ya tatu ni kuweka nukta. Kila idadi hupunguzwa milioni 1, na kinachobaki huzidishwa kwa 10 ili kupata sentimita. Tabora ya 2012 inakaa sentimita 12.9 juu ya mwanzo wa nguzo, na ya 2022 sentimita 23.9. Kigoma inaanzia 11.3 na kuishia 14.7. Pwani inaanzia 1.0 na kuishia 10.2. Mikoa mingine hufuata njia hiyo hiyo, kisha kila mkoa huchorewa mstari wake kwa rula.

Hatua ya mwisho ni majina, na hapa ndipo michoro mingi huharibika. Mwaka 2012 Kigoma, Dodoma na Tanga zinakaa sentimita 11.3, 10.8 na 10.5. Kati ya Dodoma na Tanga kuna milimita tatu tu, na mwandiko wa kawaida unahitaji zaidi ya hapo. Mchoraji anayebanwa hivyo hushawishika kuisogeza nukta kidogo ili jina lipate nafasi. Asifanye hivyo kamwe, kwani akisogeza nukta amebadili takwimu. Jina ndilo linalosogezwa, juu au chini kidogo, na kuunganishwa na nukta yake kwa kistari chembamba. Pembeni ya jina iandikwe idadi, ili anayetaka tarakimu asilazimike kurudi kwenye jedwali.

Mchoro unasema nini

Jambo la kwanza linaloonekana ni kundi la mikoa mitano. Mwaka 2012 Tabora, Morogoro, Kigoma, Dodoma na Tanga zimekusanyika kama vijiti vilivyofungwa pamoja. Kati ya wa kwanza na wa tano kuna sentimita 2.4 tu. Kufika 2022 kifungu hicho kimefunguka kama upepo wa mkono, na kati ya wa juu na wa chini kuna sentimita 9.2. Mikoa mitatu imepanda kwa nguvu, Tanga kwa wastani, na Kigoma kwa upole.

La pili ni kupishana kwa mistari. Mstari wa Dodoma unaukata mstari wa Kigoma, na ule wa Tanga pia unaukata. Kigoma iliyokuwa ya tatu kati ya mitano imekuwa ya tano, ingawa watu wake hawakupungua hata kidogo. Waliongezeka kwa laki tatu na zaidi. Chini yao Pwani inaukata mstari wa Kilimanjaro. Kwa hiyo kukatana kwa mistari ni habari ya nafasi, yaani nani yuko mbele ya nani, na si habari ya kupungua. Kupungua huonyeshwa na mstari unaoshuka, na katika mchoro huu hakuna hata mmoja.

Iongezwe tahadhari kuhusu ukali wa mistari. Mchoraji akisogeza nguzo zikawa umbali wa sentimita 4, mistari yote itaonekana kama ngazi iliyosimamishwa. Akizitenga sentimita 16, yote italala. Takwimu ni zile zile. Kwa sababu hiyo mteremko hulinganishwa na mteremko mwingine ndani ya mchoro mmoja tu. Kulinganisha kwa macho michoro miwili yenye vipimo tofauti ni kosa.

Watu wangapi, au mara ngapi?

Sasa utazamwe mstari wa Pwani pamoja na wa Tabora. Tabora umepanda sentimita 11.0 na Pwani sentimita 9.2. Je, Tabora ilikua haraka kuliko Pwani? Kama swali ni watu wangapi waliongezeka, jibu ni ndiyo: milioni 1.10 dhidi ya milioni 0.93. Lakini Tabora ilianza na watu milioni 2.29, na Pwani na milioni 1.10. Kwa asilimia, Tabora iliongezeka 48 na Pwani 84. Pwani ilikaribia kuwa maradufu, na bado mstari wake una mteremko mdogo zaidi.

Mchoro haujakosea. Umejibu swali la watu wangapi, na msomaji amelisoma jibu kana kwamba ni la swali la mara ngapi. Hili ndilo kosa lililo rahisi kutendeka kuliko yote katika grafu ya mteremko, na dalili yake hutambulika: makundi yanaanza katika viwango vilivyotengana sana. Yanapoanza karibu karibu, kama ile mikoa mitano ya juu, tofauti ya majibu mawili ni ndogo. Yanapoanza mbali, kama Pwani na Tabora, tofauti huwa kubwa.

Dawa yake ni kuchora mchoro wa pili kwa kutumia logi. Badala ya idadi yenyewe, nguzo hupimwa kwa logi ya idadi, kutoka katika majedwali ya hesabu ya shule au katika kikokotoo. Sababu ni sifa moja ya logi ambayo kila mwanafunzi aliyetumia majedwali hayo anaijua: kuzidisha hugeuka kuwa kujumlisha. Kiasi kinachokuwa mara 1.5 huongeza logi yake kwa 0.176, kiwe kilianza na milioni moja au na milioni tatu. Kwa hiyo katika skeli ya logi, miteremko inayolingana humaanisha ukuaji wa asilimia inayolingana.

Chini ya nguzo ikae logi ya 1.0, ambayo ni sifuri, na kila ongezeko la 0.1 lipewe sentimita 4. Logi ya 1.10 ni 0.0414, na ya 2.02 ni 0.3054. Tofauti ni 0.2640, na kwa skeli hii mstari wa Pwani unapanda sentimita 10.6. Kwa njia hiyo hiyo Tabora inapanda sentimita 6.8 na Dodoma 6.9, na mistari yao kwa jicho ni sambamba. Kigoma inapanda 2.6 na Kilimanjaro 2.2. Sasa Pwani ndiyo yenye mteremko mkali kuliko wote, kama inavyostahili kwa swali hili.

Mchoro wa logi una faida nyingine. Nchi nzima yenye watu milioni 61.7 haiwezi kuingia katika mchoro wa kwanza, lakini kasi yake inaweza kuingia katika wa pili. Idadi ya Tanzania ilikuwa mara 1.374 ya ile ya 2012. Logi yake ni 0.138, nayo ni sentimita 5.5. Mstari wa vitone unaopanda sentimita 5.5, ukianzia mahali popote penye nafasi, huwa kipimo cha kasi ya taifa. Mstari wa mkoa ulio mkali kuliko huo ni wa mkoa uliokua kuliko wastani: Pwani, Dodoma, Tabora na Morogoro. Ulio mlalo zaidi ni wa mkoa uliokua chini ya wastani: Tanga, Kigoma na Kilimanjaro.

Si kwamba mchoro mmoja ni sahihi na mwingine ni batili. Anayepanga idadi ya madarasa na visima anataka kujua watu wangapi, na skeli ya kawaida ndiyo yake. Anayelinganisha kasi ya ukuaji anataka asilimia, na skeli ya logi ndiyo yake. Kinacholazimu ni kuandika waziwazi chini ya mchoro ni skeli ipi iliyotumika.

Mstari unaoshuka bila watu kupungua

Tuseme mwanafunzi anaongeza Mbeya. Sensa ya 2012 inampa milioni 2.71, na ya 2022 inampa milioni 2.34. Anachora, na mstari unashuka, peke yake kati ya yote inayopanda. Je, Mbeya ilipoteza watu laki tatu na nusu? La. Mwaka 2016 wilaya za magharibi za mkoa huo ziliundwa kuwa Mkoa wa Songwe. Mbeya ya nguzo ya kushoto na Mbeya ya nguzo ya kulia ni maeneo mawili tofauti yenye jina moja.

Kosa hili hujifichua kwa alama mbili. Kwanza, mstari mmoja unakwenda kinyume na mingine yote bila sababu inayojulikana. Pili, kwenye nguzo ya kulia kuna jina, Songwe, lisilo na nukta upande wa kushoto. Tiba ni kuunganisha kilichotenganishwa. Songwe ilikuwa na watu milioni 1.34 mwaka 2022. Ikijumlishwa na Mbeya hupatikana milioni 3.69. Mstari sahihi basi hupanda kutoka 2.71 hadi 3.69, ongezeko la asilimia 36, karibu sawa na kasi ya taifa. Kabla ya kuunganisha nukta mbili, mchoraji hana budi kuhakikisha kwamba zinahusu kitu kile kile.

Mchoro haujui sababu

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, mji uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na uhamisho huo ukaanza. Anayeuona mstari wa Dodoma ukipanda atasema upesi kwamba sababu ndiyo hiyo. Huenda ina sehemu yake. Lakini mchoro wenyewe unamzuia kuharakisha, kwa kuwa pembeni ya Dodoma upo mstari wa Tabora, ulio sambamba nao, na hakuna makao makuu yaliyohamia Tabora. Kama maelezo fulani yanatosha kwa mkoa mmoja, lazima yaulizwe kwa nini mkoa mwingine ulipanda vivyo hivyo bila sababu hiyo. Hii ndiyo faida ya kuweka makundi kadhaa pamoja: kila mstari huwa shahidi wa kupima maelezo yaliyotolewa kwa mstari mwingine.

Isitoshe, mstari mnyofu hausemi lolote kuhusu miaka ya katikati. Umechorwa kuunganisha nukta mbili, wala si njia iliyopitiwa. Dodoma ilikuwa na watu wapatao milioni 1.7 katika sensa ya 2002. Nguzo ya tatu ikiwekwa kushoto kwa ajili ya mwaka huo, mstari wa Dodoma unavunjika: kwanza unapanda kwa karibu laki nne katika miaka kumi, kisha kwa milioni moja katika kumi inayofuata. Aliyetazama nukta mbili peke yake asingeweza kulijua badiliko hilo la kasi.

Zoezi kwa darasa

Idadi zifuatazo ni za milioni, kwanza 2012 kisha 2022: Singida 1.37 na 2.01, Ruvuma 1.38 na 1.85, Mtwara 1.27 na 1.63, Lindi 0.86 na 1.19.

1. Chora grafu ya mteremko kwa skeli ya kawaida. Chagua mwanzo wa nguzo unaoifaa Lindi, na ueleze jinsi ulivyotenganisha majina ya Singida na Ruvuma upande wa kushoto.

2. Mistari ya Lindi na Mtwara inakaribia kuwa sambamba. Eleze kwa maneno usambamba huo unamaanisha nini, na haumaanishi nini.

3. Chora tena kwa skeli ya logi. Logi ya 0.86 ni hasi. Amua pa kuanzia nguzo. Kisha weka mstari wa vitone wa kasi ya taifa, na useme ni mkoa upi kati ya Lindi na Mtwara uliokua zaidi ya wastani wa nchi.